Kutafsiri ilani ya serikali isomeke barazani: mwongozo kamili

Ilani ya serikali iliyotoka kwenye Kiingereza utaitambua kwa sikio kabla hujaielewa. Naibu chifu anaisoma mbele ya watu, anafika katikati ya sentensi ya pili, anasimama, anairudia kutoka mwanzo, kisha anaikunja karatasi na kusema, "Yaani wanachotaka ni hivi." Anachokisema baada ya hapo ndicho tafsiri yenyewe. Kilichoandikwa kwenye karatasi ni Kiingereza kilichovaa kanzu.

Nimefanya kazi hii kwa miaka kadhaa hapa Kenya, ambako Katiba ya 2010, katika ibara ya 7, inaitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Hata hivyo, ilani nyingi huandikwa kwanza kwa Kiingereza, na Kiswahili huagizwa jioni ya mwisho. Humu nitachukua ilani moja tu na kuifuata tangu mwanzo hadi mwisho. Nimeitunga mwenyewe kwa kufuata sura ya nyingi nilizozipitia, kwa hiyo usiitafute ofisini. Ni ya watu waliojenga kando ya barabara. Hii ndiyo tafsiri ya neno kwa neno, na anayejua Kiingereza ataiona ilani ya asili ikichungulia nyuma yake:

> Umma kwa jumla unafahamishwa kwa hii kwamba, katika utekelezaji wa mamlaka yaliyotolewa na Sheria ya Barabara za Kenya ya 2007, Mamlaka itafanya uondoaji wa miundo yote isiyoidhinishwa ndani ya hifadhi ya barabara. Wamiliki au wakaaji wote walioathirika watapaswa kuondoa miundo iliyosemwa ndani ya siku thelathini kutoka tarehe ya ilani hii, kwa kushindwa ambako Mamlaka itaendelea kuiondoa bila marejeleo zaidi na kwa gharama ya mmiliki. Hakuna fidia itakuwa ya kulipwa. Mtu yeyote anayehisi kudhulumiwa anaweza kufanya uwakilishi wa maandishi kwa aliyetia sahihi hapa chini si baadaye ya siku kumi na nne, kati ya 8:00 asubuhi na 5:00 jioni.

Kila neno hapo ni la Kiswahili, na bado mwenye kibanda hatajua afanye nini kesho asubuhi.

Hatua ya kwanza: toa mifupa kabla ya kugusa sentensi

Usianze kutafsiri. Chukua karatasi tupu uandike majibu ya maswali haya kwa maneno yako, kama unayemweleza jirani: nani anahusika, afanye nini, mwisho lini, asipofanya itakuwaje, na asiyekubali aende wapi. Kwa ilani yetu majibu yangu yalikuwa mafupi: aliyejenga kwenye ardhi ya barabara bila kibali abomoe katika siku 30, asipobomoa, atabomolewa na atalipia, hakuna fidia, asiyeridhika aandike barua katika siku 14, apeleke ofisini saa za kazi.

Umeona kilichotokea? Kiswahili kimejipanga chenyewe. Karatasi hiyo ndiyo rasimu yako ya kwanza. Haijawa rasmi bado, lakini ni rahisi zaidi kuipandisha lugha ya mazungumzo hadi daraja la ofisi kuliko kuilainisha sentensi iliyozaliwa ikiwa ngumu. Kile ambacho vitabu vya shule Kenya hukiita sajili, na wenzetu Tanzania hukiita rejesta, hakikai kwenye msamiati mzito pekee. Kinakaa zaidi kwenye vitenzi na kwenye jinsi unavyomtaja msikilizaji.

Unapotoa mifupa, andika kando kila usichokielewa. Mimi niliandika mawili. Je, kontena lililowekwa tu juu ya mawe, bila msingi, limo? Na ua wa miti je? Kiingereza kilitumia neno pana linalobeba kila kitu kilichosimamishwa, na mfasiri akiandika "vibanda" pekee, mwenye kontena atalala usingizi. Maswali haya hujibiwa na ofisi iliyotoa ilani, wala si na kamusi. Yatume kwa maandishi, na uhifadhi majibu yakiwa na tarehe.

Hatua ya pili: tafuta mtendaji, kisha mrudishie kitenzi chake

Kiingereza cha ofisi hupenda kukigeuza kitendo kuwa jina. Badala ya kuondoa, kunakuwa na uondoaji. Badala ya kutekeleza, utekelezaji. Kisha kitenzi dhaifu kama "kufanya" kinaletwa kulibeba jina hilo. Kiswahili kinaweza kuunda majina hayo bila shida, na ndiyo maana mtego huu haushtukiwi. "Mamlaka itafanya uondoaji wa" haina kosa la sarufi. Ila kitenzi chetu chenye kauli zake zote kimefungiwa nje. Kirudishe: "Mamlaka itaondoa", au "vitaondolewa". Kila unapoona "kufanya", "kuendesha zoezi la" au "kutoa" likifuatwa na jina lililotokana na kitenzi, simama hapo. Mara nyingi utafuta maneno matatu na kubaki na moja.

Kauli ya kutendwa siyo adui. "Vibanda vitaondolewa" ni Kiswahili safi. Shida huja pale mtendaji anapofichwa na msomaji anahitaji kumjua. Ikiwa mwenyewe ndiye anayetakiwa kuondoa katika siku 30 za mwanzo, na Mamlaka ndiyo itakayoondoa baadaye, kisha ukaandika "vitaondolewa" mahali pote pawili, watu watakaa kusubiri waondolewe. Hapo wataje watendaji wote wawili.

Jambo jingine dogo la vitenzi linaloleta tofauti kubwa: virejeshi. Wafasiri wengi huandika "ambavyo vimejengwa", "ambaye ameathirika", "ambako itatolewa", kwa sababu "amba" humruhusu mtu kufuata mpangilio wa Kiingereza neno baada ya neno. "Vilivyojengwa", "aliyeathirika" na "itakakotolewa" ni fupi zaidi, na kwa sikio langu ni rasmi zaidi. Weka "amba" pale tu panapohitajika, kwa mfano pale kirejeshi kinapokuwa mbali na jina lake.

Hatua ya tatu: amua uzito wa kila amri

Hapa ndipo ilani huharibika kisheria, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kiingereza cha sheria kina kitenzi kisaidizi kimoja kinachobeba kazi tatu. Mara kinaamuru, mara kinasema jambo litakalotokea, mara kinatangaza tu jinsi mambo yalivyo. Mfasiri mchovu hukitafsiri "atapaswa" kila mahali. Sasa "wamiliki watapaswa kuondoa" inasikika kama wajibu utakaoanza siku nyingine, ilhali wajibu umeanza leo. Kwa hiyo kila unapokikuta, jiulize kinafanya kazi gani. Kama ni amri, andika "ni lazima" au "sharti". Kama ni jambo litakalotokea, "-ta-" inatosha: "Mamlaka itakiondoa". Kama ni tamko, tumia wakati uliopo: "Ilani hii inahusu pia waliopanga."

Upande wa pili kuna kosa la upole. Mtu anataka Kiswahili kisikike laini, anaandika "mnaombwa kuondoa" au "tafadhali ondoeni". Ukisoma hivyo barazani, umeigeuza amri kuwa ombi, na anayeombwa ana haki ya kukataa. Kiswahili hakihitaji ombi ili kiwe na adabu. Kina kitu bora kuliko hicho: dhamira tegemezi kwa nafsi ya tatu. "Kila aliyejenga aondoe." "Mwenye barua aje nayo." "Atakayefika awe na kitambulisho." Hiyo ni amri kamili, lakini haimwelekezei mtu kidole. Ndiyo sauti ya mzee anayeongoza kikao, na kila mtu ameizoea tangu utotoni.

Kwa sababu hiyo, siandiki "wewe" katika ilani ya hadhara. Miongozo ya Kiingereza chepesi hushauri msomaji aitwe moja kwa moja kwa nafsi ya pili, na kwa Kiingereza ushauri huo unafaa. Kwetu, "uondoe kibanda chako" ikisomwa na kijana wa ofisi mbele ya mzee wa miaka sabini inachoma. Katika barua ya mtu mmoja au fomu ya kujaza, nafsi ya pili haina neno. Katika ilani, tumia "kila mwenye", "aliye", "asiye", na ukihitaji kuwasemesha watu, "mnatangaziwa" kwa wingi.

Lakini angalia mpaka wake. Nilipofika kwenye sehemu ya malalamiko niliandika "asiyeridhika aandike barua". Nikaisoma tena, nikaona nimempa wajibu mtu aliyepewa hiari. Kiingereza kilisema anaweza. Kwa hiyo hapo nimebaki na "anaweza kuandika". Sikuandika "ana haki ya", kwa kuwa ilani ya asili haikutumia neno haki, na mimi si mtunga sheria.

Hatua ya nne: maneno yanayofanana lakini hayalingani

Ilani yetu ina sita yanayostahili kuzungumziwa.

"Miundo" imetoka moja kwa moja kwenye kamusi. Kwa msikilizaji, muundo ni sura ya kitu, kama muundo wa sentensi au wa nyumba. Hakuna anayebomoa muundo. Kiswahili kinamudu jambo hili kwa kirejeshi kisicho na jina: "chochote kilichojengwa, kiwe nyumba, kibanda, ukuta au ua". Upana wa Kiingereza umebaki, na mifano inaonekana kwa macho.

"Wamiliki au wakaaji" ni jozi. Kiingereza cha sheria kimejaa jozi, na nyingi ni mapambo: maneno mawili yanayosema "batili", mawili yanayosema "aache". Hizo zifanye neno moja bila wasiwasi. Kabla ya kufuta, uliza kama mtu anaweza kuwa cha kwanza bila kuwa cha pili. Hapa anaweza, maana aliyepanga kibanda si mwenyewe. Ukimfuta, mpangaji atadhani haimhusu. Tena "mmiliki" linamvika hati mtu aliyejenga kwenye ardhi isiyo yake, na "mkaaji" linamfanya muuza viazi aonekane analala dukani. "Mwenye" na "anayekitumia" yanatosha.

"Hifadhi ya barabara" ni istilahi halali, na Tanzania inajulikana sana. Kwa baadhi ya wasikilizaji wa Kenya, hifadhi ni ya wanyama. Usiitupe istilahi, kwa sababu ndiyo itakayotajwa mahakamani. Itaje, kisha ieleze mara moja kwa "yaani".

"Anayehisi kudhulumiwa" linaifanya serikali ikiri dhuluma kwenye karatasi yake yenyewe. Kinachokusudiwa ni "asiyeridhika". Na "uwakilishi wa maandishi" niliwahi kumsikia mtu akiufasiri kuwa ni lazima umlete wakili. Ni kueleza sababu zako kwa barua tu.

Majina kama "aliyetia sahihi hapa chini" hayana maana kwa anayesikiliza redio, kwa sababu redio haina chini. Taja cheo na ofisi.

Hatua ya tano: tarehe na saa

Hili la saa lilinipata mimi. Mwanzoni mwa kazi yangu nilipewa ilani ya mkutano uliokuwa saa nane mchana. Kiingereza kiliandika 2:00 na herufi zake za mchana. Nikaacha tarakimu vilevile na kuandika "saa 2:00". Mtangazaji akasoma "saa mbili". Akina mama walifika asubuhi, wakakaa chini ya mwembe saa sita nzima. Mmoja alikuwa amefunga duka. Tangu siku hiyo sibakizi tarakimu ya Kiingereza hata moja: ongeza au punguza sita, kisha taja kipindi cha siku. 8:00 ya asubuhi ni saa 2 asubuhi, na 5:00 ya jioni ni saa 11 jioni. Ile "8:00 asubuhi" ya kwenye rasimu ngumu ni mbaya zaidi, kwa sababu msomaji atagawanyika kati ya tarakimu na neno.

Tarehe nazo zina mtego mtulivu. "Kabla ya tarehe 30" haina tarehe 30 ndani yake. Ikiwa Kiingereza kinaruhusu siku hiyo ya mwisho, na mara nyingi kinaruhusu, ukiandika "kabla ya" umewanyang'anya watu siku nzima. Andika "kufikia tarehe 30", au "mwisho ni tarehe 30". Ile "si baadaye ya" itupe.

Bora zaidi ni kuigeuza hesabu kuwa tarehe, kwa sababu hakuna anayehesabu siku thelathini kutoka tarehe aliyoisikia mara moja redioni. Tuseme ilani yetu imetolewa 31 Mei. Kwa Kenya, sheria ya ufafanuzi na masharti ya jumla, ambayo ni Sura ya 2 ya sheria za nchi, haihesabu siku ya tukio lenyewe. Kwa hiyo siku ya kwanza ni 1 Juni, ya 14 ni 14 Juni, na ya 30 ni 30 Juni. Sheria hiyohiyo inasema siku ya mwisho ikiangukia Jumapili au sikukuu ya umma, muda unasogea hadi siku inayofuata isiyo ya mapumziko, kwa hiyo tazama kalenda. Kisha ipeleke hesabu hiyo ofisini waithibitishe kabla hujaichapa. Mfasiri akikosea tarehe, anayebomolewa siye yeye.

Hatua ya sita: panga upya

Kiingereza hutanguliza sheria inayompa ofisa mamlaka, kisha uamuzi unafuata ukiwa umechoka. Kwenye Kiswahili, mtu aliyesimama juani anataka kujua kwanza kama linamhusu. Natanguliza uamuzi, kisha matokeo, kisha njia ya kulalamika, na sheria naiweka mwisho kwa "kwa mujibu wa". Siiondoi kamwe, kwa sababu bila sheria ilani ni karatasi tu. Ila kama sheria yenyewe imeweka fomu maalumu ambayo ilani lazima iifuate, mpangilio wa fomu ubaki, na kazi yako iwe ndani ya sentensi peke yake.

Baada ya yote hayo, ilani yetu ikawa hivi:

> ILANI KWA WALIOJENGA KANDO YA BARABARA
>
> Chochote kilichojengwa bila kibali kwenye hifadhi ya barabara, yaani ardhi iliyotengwa kwa ajili ya barabara, kiwe nyumba, kibanda, kontena, ukuta au ua, ni lazima kiondolewe kufikia tarehe 30 Juni. Anayetakiwa kukiondoa ni mwenyewe au anayekitumia.
>
> Baada ya tarehe hiyo, Mamlaka itakiondoa bila kutoa ilani nyingine, na mwenyewe atalipa gharama za kukiondoa. Hakuna atakayelipwa fidia.
>
> Asiyeridhika anaweza kueleza sababu zake kwa barua. Barua hiyo ifike katika ofisi ya Meneja wa Barabara wa eneo hili kufikia tarehe 14 Juni, kati ya saa 2 asubuhi na saa 11 jioni.
>
> Ilani hii imetolewa leo, tarehe 31 Mei, kwa mujibu wa Sheria ya Barabara za Kenya ya 2007.

Neno "kontena" nimeliweka nikichukulia kuwa ofisi imejibu ndiyo. Isingejibu, lisingekuwemo.

Hatua ya saba: isomee watu wawili

Wa kwanza awe msikilizaji asiyejua habari yenyewe. Msomee mara moja tu, bila kurudia, kwa kasi ya mtangazaji. Usimuulize kama ameelewa, kwa sababu atasema ndiyo kwa heshima. Muulize: "Mimi nimepanga kibanda pale, nifanye nini, na mwisho lini?" Akikosea, kosa limo kwenye sentensi, na mahali alipokosea patakuonyesha ni ipi. Zingatia pia pumzi yako mwenyewe. Sentensi inayokulazimu uvute pumzi katikati ni ya kukatwa mahali hapo hapo ulipoivuta.

Wa pili awe mfasiri mwenzako ambaye hajaona ilani ya asili. Mpe Kiswahili chako akirudishe kwenye Kiingereza, kisha linganisha mambo manne tu: nani, amri ina uzito gani, tarehe, na adhabu. Usijali maneno yake yakitofautiana na ya ofisi. Lakini aliporudisha yangu, "mwenyewe atalipa gharama" aliielewa kuwa ni mwenye jengo pekee, asiwe mpangaji. Nikarudi kwenye Kiingereza: ndivyo kilivyosema, gharama ni za mwenye jengo. Nikaiacha, na kwenye karatasi ya maswali nikaongeza la tatu kwa ofisi, kama mpangaji aliyekataa kutoka naye atadaiwa. Tuseme jibu lao ni fupi, kwamba hadaiwi: hapo sina haja ya kubadili hata herufi moja.